Vivuli vya meza moja vinapogombana

*"Mtaalamu, naomba msaada. Ninatengeneza kwa programu ya akili unde picha ya meza yenye jagi refu la kauri, bilauri ya maji na kitabu kilicholala. Kila kitu kikiwa peke yake kinatoka vizuri, lakini nikiviweka pamoja kivuli cha jagi kinaelekea kulia, cha bilauri kinakuja mbele, na kitabu kinaonekana kama kinaelea. Nimeandika 'mwanga kutoka kushoto' kwa kila namna na hakuna kinachobadilika. Nifanye nini ili vyote vikae chini ya taa moja?"*

Maneno "mwanga kutoka kushoto" yanaacha wazi karibu kila jambo linaloamua kivuli kitaangukia wapi. Taa iliyo kushoto inaweza kuwa mbele ya vitu au nyuma yake, inaweza kuwa juu sana au kukaribia usawa wa meza, inaweza kuwa jirani kama taa ya kusomea au mbali kama jua, na inaweza kuwa ndogo kama balbu au pana kama dirisha. Kila mojawapo ya hali hizo hutoa kivuli chenye mwelekeo, urefu na ukingo wake, na zote zinastahili kuitwa mwanga kutoka kushoto. Kwa hiyo hata programu ingetii maneno yako kikamilifu, bado ingekuwa na nafasi kubwa ya kukupa vivuli visivyopatana.

Nayo haitii kikamilifu, kwa sababu hakuna taa yoyote ndani ya modeli. Programu hizi hazipimi miale inayotoka mahali fulani na kugonga vitu. Zimejifunza kutoka kwenye picha nyingi mno jinsi vitu vinavyozoea kuonekana, na kila kitu huja na mazoea yake ya mwanga. Hapo ndipo picha yako inapojieleza yenyewe. Wapiga picha hupenda kumulika vyombo vya kauri kutoka ubavuni ili umbo la mviringo lijitokeze, na ndiyo maana kivuli cha jagi kimekwenda kulia. Kioo na maji humulikwa mara nyingi kutoka nyuma, kwa kuwa hapo ndipo kioo hung'aa, na kivuli cha taa iliyo nyuma hakina budi kuja mbele. Vitabu vilivyolala hupigwa picha mara nyingi kutoka juu katika mwanga uliotawanyika usio na kivuli cha kuonekana, basi chako nacho kimekuja bila kivuli. Hany Farid, mtafiti anayejulikana kwa kuchunguza picha bandia, alipozipima mwaka 2022 picha za DALL-E 2, programu ya kuzalisha picha kutokana na maneno, alikuta hali ya jinsi hiyo: kila sehemu ikitazamwa peke yake inaaminika, lakini vivuli na taswira za kwenye vioo mara nyingi havifuati jiometri moja.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni kuacha kuieleza taa kwa maneno na kuanza kuiwekea mahali. Taa ya meza yako inapaswa kuwa nukta unayoweza kuionyesha kwa kidole, hata kama nukta hiyo iko nje ya fremu, na kila kivuli kipimwe kwa kurejea kwenye nukta hiyo.

Kupima kwenyewe hakuhitaji programu maalumu. Fungua picha katika programu yoyote ya kuhariri, ongeza eneo tupu upande wa kushoto na juu, kisha chora mistari miwili kwa kila kitu. Mstari wa kwanza unalala juu ya meza: unaanzia kwenye ncha ya kivuli, unapita kwenye kitako cha kitu, na kuendelea nyuma. Mstari wa pili unaanzia kwenye ncha ileile ya kivuli lakini unapita kwenye sehemu ya juu ya kitu iliyotupa ncha hiyo, kwa mfano mdomo wa jagi. Ikiwa taa ni moja, mistari yote ya pili hukutana mahali taa ilipo, na mistari yote ya kwanza hukutana kwenye nukta ya mezani iliyo chini kabisa ya taa, ambayo nitaiita unyayo wa taa. Katika picha ambayo kamera haikuinamishwa sana, taa na unyayo wake huwa kwenye mstari mmoja wa wima. Jihadhari tu na jambo moja: kitako unachokichagua kiwe wima chini ya sehemu ya juu uliyoichagua. Kwa jagi tumia katikati ya mdomo na katikati ya kitako, si ukingo wa huku na ukingo wa kule.

Nikupe mfano wenye tarakimu, ukiwa na picha ya pikseli 1024 kwa 1024, na tuhesabu kutoka ukingo wa kushoto kisha kutoka ukingo wa juu. Tuseme kitako cha jagi kiko (400, 600), mdomo wake (400, 300), na ncha ya kivuli chake iko kulia, mbele kidogo, kwenye (800, 700). Kivuli hiki kimoja kinatupa mistari miwili tayari. Ukiirudisha kushoto hadi pikseli 200 nje ya fremu, mstari wa mezani unafika (−200, 450) na mstari wa mdomoni unafika (−200, −300). Hiyo ya kwanza ni unyayo, na hiyo ya pili ni taa yenyewe.

Utauliza kwa nini nimesimama kwenye −200 na si kwingine. Nimechagua, na hapa ndipo penye siri ya kazi nzima: kivuli kimoja hukubakishia uhuru mmoja tu, yaani taa iwe karibu au mbali kiasi gani katika mistari hiyo miwili. Ukishachagua, kila kivuli kingine mezani kimekwisha kuamuliwa, na huna tena nafasi ya kubahatisha.

Tuipeleke taa hiyo kwenye bilauri. Kitako chake kiko (600, 750) na ukingo wake wa juu (600, 600). Chora mstari kutoka kwenye unyayo ukipita kitakoni, na mwingine kutoka kwenye taa ukipita ukingoni, uone vinapokatana: ni kwenye (800, 825). Hapo ndipo ncha ya kivuli cha bilauri inapotakiwa kuwa, yaani pikseli 200 kulia na 75 chini ya kitako. Kivuli kinachokuja mbele moja kwa moja, kama ulivyoeleza, kingekuwa na ncha yake karibu na (600, 900), na mstari wake wa mezani ukirudishwa nyuma unapanda wima bila kukaribia unyayo wa taa. Huhitaji jicho la fundi kuona kwamba hizo ni taa mbili.

Uchaguzi ule wa umbali usikutie wasiwasi mwingi. Ungeisogeza taa hadi −800 kwenye mistari ileile ya jagi, ncha ya kivuli cha bilauri ingehama pikseli 11 tu. Taa ikiwa nje ya fremu, kosa la umbali ni dogo. Ikiwa ndani ya fremu au ukingoni kabisa, vivuli hutawanyika kama miale kutoka kwenye unyayo wake na kila pikseli ina uzito. Ikiwa mwanga wako ni wa jua, unyayo huhamia kwenye mstari wa upeo wa macho, na jua likiwa ubavuni kabisa mwa kamera mistari haikutani popote bali huenda sambamba.

Sasa kitabu. Chukua pembe yake ya mbele kulia: chini iko (250, 800) na juu iko (250, 760), maana unene wake ni pikseli 40. Kwa taa hiyohiyo ncha ya kivuli inaangukia karibu na (275, 820). Ni utepe mwembamba mno, wa pikseli 25 kwenda kulia na 20 kushuka, na pengine ndiyo sababu modeli imeuruka bila wewe kugundua. Hata hivyo utepe huo, pamoja na mstari mweusi mwembamba pale jalada linapogusana na meza, ndio unaokilaza kitabu mezani. Katika uzoefu wangu mtazamaji husamehe kivuli kilichopinda nyuzi kumi au zaidi, lakini hasamehe kitu kisicho na weusi pale kinapogusa. Jicho kwa kweli si hakimu mkali wa mwelekeo: mwaka 2005 Yuri Ostrovsky, Patrick Cavanagh na Pawan Sinha walionyesha kwamba watu huchelewa na hukosea kutambua kitu kimoja kilichomulikwa kutoka upande tofauti na wenzake. Ndiyo maana nasisitiza rula, kwa kuwa ukitegemea jicho lako utaipitisha picha ambayo mtu mwingine, akiitazama kesho kwa utulivu, ataikataa bila kujua kwa nini.

Baada ya kuijua taa, njia ya kuaminika ya kuilazimisha programu iitii ni kuipa rasimu yenye vivuli ndani yake badala ya kuanza na maneno matupu. Mimi hutumia Blender, programu ya kutengeneza maumbo ya pande tatu, kwa sababu haina malipo na hupiga hesabu ya miale yenyewe. Weka bapa moja liwe meza, mche duara mrefu wa sm 30 uwe jagi, mwingine wa sm 12 uwe bilauri, na boksi la unene wa sm 3 liwe kitabu. Usihangaike na mpini wala maandishi ya jalada. Futa taa zote zilizokuja na faili, kisha weka moja tu ya aina ya `Area`, yaani taa yenye upana. Kwa meza tuliyoipima hapo juu, tukichukulia kamera iko sm 50 juu ya meza na kama mita moja kutoka kwenye jagi, taa hiyo inakaa kama sm 90 kushoto kwa jagi, sm 45 nyuma yake na sm 105 juu ya meza. Punguza mwanga wa mazingira uwe hafifu ila usiuzime kabisa, la sivyo vivuli vitakuwa vyeusi kama wino. Toa picha yenye rangi za jumla tu: meza kahawia, jagi jeupe, kitabu cha rangi uliyoikusudia. Usiyetaka kujifunza Blender, chukua boksi la unene wa kitabu na makopo mawili, moja la kimo cha jagi na jingine la kimo cha bilauri, yapange juu ya meza chini ya taa moja ya kusomea huku taa nyingine zote zikiwa zimezimwa, upige picha kwa simu. Kwa kazi hii ni sawa kabisa.

Rasimu hiyo unaiingiza kwenye hali ya kuzalisha picha kutoka kwenye picha. Programu za aina ya Stable Diffusion hufanya kazi kwa kuondoa chengachenga hatua kwa hatua, na mabaka makubwa ya mwanga na giza huamuliwa katika hatua za mwanzo, wakati mikunjo, nyufa na maandishi huamuliwa mwishoni. Ukiipa rasimu, programu huitia chenga kwa kiasi unachokiamua kwenye kitelezi cha `Denoising strength`, kisha huanza kuondoa kutoka hapo. Kwenye 0.5, ikiwa umeweka hatua 30, hufanya takribani 15 za mwisho tu. Mabaka makubwa, yaani vivuli vyako, tayari yamewekwa, na inabaki kuvisha vitu ngozi. Anza hapo. Ukishuka hadi 0.3 mche duara wako utabaki kuwa mche duara uliopakwa rangi. Ukipanda kupita 0.7 chenga huanza kuyameza mabaka ya mwanga na yale mazoea ya bilauri na jagi hurudi. Nafasi ya kufaa ni kati ya 0.45 na 0.6, lakini hutofautiana kidogo kati ya modeli na modeli, basi jaribu thamani kadhaa kwa namba ileile ya mbegu, yaani namba inayoamua chenga za mwanzo, ili ujue kilichobadilika ni nini.

Wengi huongeza ControlNet, nyongeza inayoifanya modeli ifuate ramani unayoipa, na ni vizuri, ila lazima uelewe inashika nini. Ramani ya umbali, ile picha ya kijivu ambayo kilicho karibu ni cheupe na kilicho mbali ni cheusi, hushika maumbo na mahali yalipo, lakini haina habari yoyote ya mwanga. Ukiitumia peke yake na maneno, utapata vitu vilivyopangwa sawasawa vyenye vivuli vinavyogombana vilevile kama mwanzo. Vivuli lazima vitoke kwenye rasimu. Ramani ya umbali kazi yake ni kuzuia jagi lisibadilike umbo wakati umepandisha kitelezi. Ramani ya mistari ya kingo nayo ina mtego wake. Ikichorwa kutoka kwenye rasimu yenye vivuli vikali, ukingo wa kivuli huhesabiwa kuwa ukingo wa kitu, na modeli hukutengenezea kitambaa cheusi kilichotandikwa mezani au doa la maji mahali pa kivuli. Ukitaka kuitumia, ichore kutoka kwenye rasimu ya pili iliyotolewa bila kivuli.

Katika maneno ya maelekezo, eleza vivuli badala ya taa: kwamba vyote vinaangukia kulia na mbele kidogo, kwamba ni virefu kuliko vitu vyenyewe, kwamba kingo zake ni laini. Ondoa maneno ya studio na ya "picha ya bidhaa", kwa sababu huleta taa pana za juu na za pembeni kwa pamoja, nawe unataka moja.

Mwelekeo ukishakubali, tazama ulaini wa kingo, maana hapo ndipo picha nyingi zilizokwisha nyooshwa mistari hubaki na harufu ya uongo. Ukingo wa kivuli hauna upana mmoja. Huanza mkali pale kitu kinapogusa meza na hulainika kadiri sehemu iliyokitupa inavyokuwa mbali na meza, na kanuni yake ni nyepesi: upana wa ukingo hafifu ni umbali kutoka sehemu iliyotupa kivuli hadi kivuli chenyewe, mara upana wa taa, gawanya kwa umbali wa taa hadi sehemu hiyo. Taa yako ikiwa na upana wa sm 25 na iko sm 125 kutoka kwenye mdomo wa jagi, uwiano ni moja kwa tano. Mdomo uko karibu sm 50 kutoka kwenye ncha ya kivuli chake, basi ncha hiyo ina ukungu wa kama sm 10 na haionyeshi duara lililochongeka. Kivuli cha kitabu, ambacho hakifiki sm 5 kutoka kwenye pembe iliyokitupa, kina ukungu usiozidi sm 1. Hizo ni kingo mbili tofauti kabisa chini ya taa moja, na lazima ziwe tofauti. Picha ambayo vivuli vyake vyote vina ukungu sawasawa, kama vilivyopitishwa kwenye kichujio kimoja, huwa imetengenezwa na mtu au modeli isiyojua kimo cha vitu. Jua lenyewe, kwa kuwa upana wake angani ni kama nusu nyuzi, halitoi zaidi ya milimita 5 za ukungu kwa umbali huo wa sm 50. Basi ukiona ncha zenye ukungu mpana katika picha inayodai kuwa ni ya jua la mchana, hapo kuna dirisha lililojificha.

Bilauri inataka maelezo yake. Kivuli cha kioo chenye maji hakijai weusi. Maji hukusanya mwanga kama lenzi, kwa hiyo ndani ya kivuli, upande ulio mbali na taa, huwa na utepe au doa linalong'aa kuliko hata meza inayoizunguka, na weusi hubaki kwenye kingo na chini ya kitako kinene. Doa hilo ni ushahidi wa mwelekeo sawa na kivuli: lazima liwe kwenye mstari wa unyayo wa taa. Modeli hupenda kuliweka mahali pa kupendeza, mara nyingi mbele ya bilauri, hata kama kivuli kimekwenda kulia. Likiwa nje ya mstari, lifute ulichore upya. Watazamaji watakusamehe umbo lake lakini si mahali pake. Mng'ao wa taa kwenye jagi nao uhakikishe uko kwenye bega la kushoto, na kwamba umbo lake ni la taa ileile: mstatili wa dirisha kwenye jagi na nukta ya balbu kwenye bilauri ni taa mbili.

Kuna kosa moja ambalo watu waangalifu ndio hasa hulifanya. Meza ikiwa imesuguliwa hadi kung'aa, huonyesha taswira ya jagi kama kioo, na taswira hiyo hushuka moja kwa moja chini ya jagi kumwelekea mtazamaji, taa iwe upande wowote. Haifuati taa kabisa, hufuata kamera. Nimeona picha nzuri zikiharibiwa na mtu aliyeona taswira "haiendi na vivuli" akaipindisha kulia. Kivuli kielekee kulia, taswira ishuke chini, na vyote viwili viwe sahihi.

Huenda tayari unayo picha uliyoipenda na hutaki kuanza upya, ila unataka kurekebisha bilauri peke yake. Hilo linawezekana kwa kuzalisha upya sehemu tu, mradi maski, yaani eneo unaloliruhusu libadilike, isikumbatie bilauri pekee. Maski inayofuata mwili wa kitu hukiacha kivuli cha zamani kikiwa kimelala mezani, na modeli, ikiwa haina ruhusa ya kugusa nje ya mpaka huo, haina pa kuweka kivuli kipya. Funika vitu vitatu kwa pamoja: bilauri, kivuli cha zamani, na eneo la kivuli kipya ulilolipata kwa mistari, pamoja na pikseli 30 hivi za ziada pembeni.

Kabla ya kuizalisha, kipake kivuli kipya kwa mkono, hata vibaya. Chagua rangi kutoka kwenye kivuli cha jagi kilichopo tayari badala ya kutumia nyeusi. Ikiwa mbao za meza zenye mwanga zina thamani ya mwangaza ya 200 na ndani ya kivuli cha jagi zina 110, kivuli cha bilauri nacho kiwe na uwiano huohuo wa kama 0.55 pale kilipo kizito. Kipake kwenye tabaka lililowekwa `Multiply`, hali inayozidisha rangi ya tabaka kwa rangi iliyo chini yake, ili mistari ya mbao iendelee kuonekana, kisha zalisha sehemu hiyo kwa 0.4 au chini yake kidogo.

Na kivuli cha bilauri kikikutana na cha jagi, ambapo kwa ncha zako mbili za (800, 700) na (800, 825) si ajabu kingo zao kugusana, usiache sehemu ya kukutana iwe nyeusi maradufu. Taa ni moja. Mahali ambapo jagi limekwisha kuizuia, bilauri haina cha kuzuia tena. Matabaka mawili ya `Multiply` yakilaliana yatakupa 0.55 mara 0.55, yaani kama 0.3, na hapo papo hapo utakuwa umetangaza kwamba kuna taa mbili. Viunganishe vivuli vyote katika tabaka moja la rangi moja kwanza, ndipo ulishushe juu ya meza. Kwenye kingo zenye ukungu giza litaongezeka kidogo, na hilo ni la kweli, lakini katikati ya vivuli halipaswi kuongezeka.

Zipo programu za kumulika upya, kama IC-Light iliyotolewa mwaka 2024, ambazo hubadilisha mwanga ulioanguka juu ya kitu. Zitumie kwa kitu ulichokileta kutoka picha nyingine, kwa mfano jagi lililomulikwa kulia ambalo unataka limulikwe kushoto. Zinageuza vizuri upande wenye mwanga na upande wenye giza wa jagi lenyewe. Kivuli kinachoanguka mezani usikiamini mpaka ukipitishe kwenye mistari ileile.

Kwa picha uliyonieleza, ningeanza na kitabu, kwa kuwa kinadai utepe wa kivuli na mstari wa mguso tu, na hiyo ni kazi ya dakika chache kwa mkono. Bilauri ningeijaribu kwa maski pana mara mbili au tatu. Ikikataa, au ukigundua kwamba mng'ao wa jagi lenyewe hauko kwenye bega la kushoto, acha kuziba viraka na urudi kwenye rasimu ya taa moja, kwa sababu hapo makosa yamo ndani ya umbile la vitu vyenyewe, na hakuna kivuli utakachokipaka mezani kitakachoyaficha.